Maoni Yaliyovuka Mstari

Novemba ya Kitale ina harufu yake, na mtu akinifunga macho leo anizungushe nchi nzima nitaitambua bado. Ni harufu ya mahindi yanayoanikwa. Yanamwagwa juu ya maturubai kando ya barabara, mbele ya maduka, nyuma ya makanisa, mahali popote penye jua na pasipo na ng'ombe. Vumbi lake ni laini na tamu kidogo, linaingia kwenye chai, kwenye nywele, kwenye shuka. Wakati huo mtaa wetu wa Tuwan mzima ulikuwa unapiga chafya tangu asubuhi hadi magharibi, na Senge Nafula, dada yake baba niliyekuwa nikikaa kwake, alikuwa akisema kwamba mwezi huo hahitaji kununua unga, anafungua tu mdomo. Ni katika harufu hiyo ndipo shule zilikuwa zikifunga mwaka, na ni katika harufu hiyo nilipokabidhiwa karatasi ambayo nusura initoe shuleni kwa sababu ilinisifu kupita kiasi.

Nilikuwa nimefika Kitale Januari ya mwaka huo, nikiwa na miaka kumi, sanduku la bati, na ulimi uliogoma. Kwetu ni upande wa Bungoma, mashambani, ambako nilisoma hadi darasa la nne kwa amani. Nilikuwa mtoto wa kuongea mpaka kuku wanahama uwanja. Halafu mama akaugua, akalazwa hospitali Eldoret, na kulazwa kwenyewe hakukuwa kwa wiki moja au mbili. Baba alikuwa akienda na kurudi, nyumba ikabaki na nyanya ambaye macho yake yalikuwa yamechoka, na ikaamuliwa mimi nipelekwe kwa Senge. Hakuna aliyenieleza ugonjwa wa mama ni upi. Watu wazima walikuwa wakinyamaza nikiingia, na mimi nikajifunza kunyamaza kutoka kwao. Nilipoingizwa darasa la tano katika shule ile ya mjini, yenye watoto wengi hadi mwalimu akikohoa mbele, wa nyuma wanapata habari baada ya mapumziko, nilikaa dawati la mwisho na sikusema neno.

Nasema sikusema neno na hapa siongezi, ingawa wanaonijua watacheka. Nikiulizwa swali nilikuwa nikisimama, nikitazama kucha zangu, hadi mwalimu anachoka na kuniambia nikae. Karatasi za mtihani nilizirudisha jinsi nilivyozipokea, zikiwa na jina langu tu juu. Muhula wa kwanza nilipata alama tisini na saba kati ya mia tano, na tisini na saba hizo nyingi zilitoka kwenye maswali ya kuchagua, ambapo nilikuwa naweka alama kwenye herufi yoyote iliyonipendeza. Darasa lilikuwa na wanafunzi hamsini na wanane. Nilikuwa wa hamsini na nane. Msichana mmoja aliyekaa mbele yangu aligeuka akanipa hongera, akasema, "Si sasa wewe umetufungia mlango, hakuna mwizi ataingia nyuma." Darasa likacheka wiki nzima.

Baba alipopata habari alitoa uamuzi wake kwa simu ya jirani, na Senge akanipa kama ulivyo. Nikiwa siko ndani ya ishirini bora mwaka ukiisha, nitarudi nyumbani na nirudie darasa la nne. Kila mtu alijua hiyo maana yake nini. Mama akiruhusiwa kutoka hospitali atahitaji mtu wa kuteka maji, kupika na kumgeuza kitandani, na msichana anayerudia darasa huku akifanya kazi hizo, shule yake huisha polepole bila mtu kuifunga rasmi. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mmoja anayevuta kamba kutoka pande tatu.

Mwalimu wetu wa darasa alikuwa Mwalimu Zuhura, mwanamke mwembamba wa mjini hapo hapo, aliyezaliwa nyumba za karibu na msikiti, mwenye mwendo wa kasi mpaka tulidhani ana dada pacha, kwa maana ulikuwa unamwacha ofisini unamkuta darasani. Mwandiko wake ulikuwa wa kuunganisha, umelala upande mmoja kama nyasi baada ya mvua, na hakuna mtoto aliyeweza kuusoma wote. Huyu hakunilazimisha kusema. Aliniita mezani kwake wakati wa mapumziko, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kwamba kwetu gorogoro ngapi za mahindi, yale makopo ya kupimia, zinajaza debe moja. Hilo nililijua. Nilikuwa nimepima mahindi na baba tangu sijaota meno ya mbele ya pili. Nikamjibu kwa vidole. Akauliza, na nusu debe? Na robo? Na tukitoa robo kwenye debe tatu zinabaki gorogoro ngapi? Nikajibu kwa vidole hadi vidole vikaisha, ikabidi nitumie mdomo. Yeye akaandika nilichosema, akanigeuzia karatasi, akasema, "Hizi ndizo sehemu ambazo unakataa kufanya ubaoni. Umezifanya zote."

Sitasema kwamba kuanzia siku hiyo nilipaa. Niliongea kidogo kidogo, kama bomba la maji la mtaani ambalo hukohoa kwanza. Muhula wa pili Mwalimu Zuhura alinipa kazi ya kusoma kwa sauti kwa watoto wa darasa la kwanza, ambao hata ukikosea wanakuona profesa. Kila insha niliyokosa alinirudishia niandike upya, si yote, ile sehemu iliyoharibika tu. Alikuwa na tabia ya kuweka karatasi ya kwanza ya kila mtoto ya Januari kwenye faili lake, hata ile yangu iliyokuwa na jina tu. Nilikuwa nikiona aibu kwamba ameihifadhi. Sikujua ameihifadhi kwa nini.

Kwa wale ambao hawakusoma enzi hizo, au wamesahau kwa makusudi, acha nieleze ripoti ilivyokuwa. Ilikuwa karatasi moja ngumu, yenye jina la shule juu. Chini yake masomo matano, na kwa kila somo safu tatu: mtihani wa kufungua muhula, wa katikati, na wa mwisho. Halafu safu nyembamba ambamo mwalimu wa somo anaandika neno moja na herufi za jina lake. Maneno hayo kila mtu aliyajua kama anavyojua bei ya sukari. Themanini kwenda juu, bora sana. Sitini, vizuri. Hamsini, wastani. Arobaini, jitahidi. Chini ya hapo, hafifu, na mwalimu mwenye hasira alikuwa anapigia mstari. Kisha jumla, nafasi darasani, na sehemu ya maoni ya mwalimu wa darasa, mistari miwili. Maoni ya mwalimu mkuu, mistari miwili. Tarehe ya kufunga na ya kufungua, muhuri, na kipande cha kutia sahihi mzazi. Yote kwa Kiingereza. Mwalimu wa darasa alikuwa anangoja walimu wa masomo wote wamletee alama, anazijumlisha, anazipanga kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na hapo ndipo anaanza kuandika maoni ya watoto wote, huku mwalimu mkuu akingoja kupiga muhuri na siku ya kufunga iko mlangoni. Ndiyo maana maoni mengi yalikuwa ya maneno matatu au manne. Mwalimu akifika mtoto wa thelathini mkono unaandika peke yake.

Siku ya kufunga tulisimama mistarini, majina yakaitwa kuanzia wa kwanza, makofi yakipungua jinsi namba zinavyopanda. Nilikuwa nahesabu nikiwa nimeshika pumzi. Ishirini ikapita. Ishirini na tano ikapita. Jina langu likaitwa nikiwa wa thelathini na tatu, alama mia mbili sitini na nane. Mtu yeyote mwenye akili angeona kwamba nimewapita watoto ishirini na watano na alama zangu zimekaribia kuzaa mara tatu. Mimi niliona ishirini tu, ile ishirini ya baba, imekaa mbali kule mbele imenipa mgongo.

Nilifika nyumbani na bahasha imefungwa kwa gundi, kama desturi, kwa sababu mtoto hafungui. Senge Nafula alipangusa mikono, alikuwa anakanda unga wa chapati za kuuza, akaifungua, akatafuta namba. Akaguna. Kisha macho yake yakashuka kwenye maoni, na nikaona uso wake ukibadilika. Mwandiko wa Mwalimu Zuhura ulikuwa umejaza mistari miwili, ukaruka mpaka wa sanduku, ukapanda pembeni mwa karatasi hadi karibu na jina la shule, na mwishoni palikuwa na mshale. Senge akageuza karatasi. Nyuma palikuwa pamejaa pia. Mimi naapa maandishi yale yangetosha kuanzia Tuwan hadi Endebess na yangebaki ya kurudi.

Hapa lazima mnielewe, maana ndipo penye kisa. Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kuona mwalimu akiandika mengi kwa sababu ya wema. Mtoto mzuri aliandikiwa "vizuri, endelea hivyo," basi, mwalimu akapumzika. Mara moja tu maandishi marefu yalikuwa yameletwa nyumbani, na yalikuwa ya binamu yangu Wafula, baada ya yeye na wenzake kuvunja dirisha la stoo na kula biskuti za mkutano wa wazazi. Karatasi ile ilikuwa ndefu kwa sababu kosa lilikuwa refu. Sisi wote, wadogo kwa wakubwa, tulijua: sifa ni fupi, mashtaka ndiyo marefu. Senge alikuwa amesoma hadi la saba na Kiingereza alikuwa nacho cha kutosha sokoni, lakini mwandiko ule ulimshinda, akaambulia maneno mawili matatu yaliyosimama wima, moja likiwa kukosea na jingine likiwa shida. Akaketi.

"Nekesa, mama," akaniambia polepole, "umefanya nini huko shule?"

"Sijafanya kitu, Senge."

"Ati hujafanya kitu. Mwalimu ameandika mpaka karatasi imeisha, na wewe hujafanya kitu."

Nilianza kujichunguza. Ukimwambia mtoto wa miaka kumi kwamba ameshtakiwa, hatakosa la kukiri. Nilikumbuka chaki niliyoweka mfukoni, nikakumbuka kucheka wakati wa maombi, na kufikia jioni nilikuwa nimeshajihukumu kifungo cha maisha. Mtu atauliza kwa nini hatukumpelekea jirani atusomee. Mlango wa tatu tu alikuwa anakaa karani wa serikali ambaye Kiingereza kilikuwa kinamtoka hata akipiga chafya. Lakini hapo ndipo pagumu. Ripoti mbaya ya mtoto wako humpi jirani. Unaikunja, unaiweka chini ya godoro, na unampigia simu babake.

Baba alifika Jumatatu kutoka Bungoma, amevaa koti lake la kanisani na kofia, na kwapani amebeba jogoo mwekundu. Jogoo huyo hakuwa zawadi. Mtu wa kwetu akienda kuomba msamaha mahali pa watu wazito haendi mikono mitupu. Hakuniuliza nimekosa nini. Aliniambia tu nichukue sanduku langu, nilifunge, niliache karibu na mlango. Kisha tukaondoka sisi watatu, bila kumhesabu jogoo, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa na la kusema njiani.

Shule ilikuwa kimya, watoto wamekwenda, lakini walimu walikuwa bado wanamalizia kazi za kufunga mwaka. Mwalimu Zuhura alikuwa ofisi ya walimu anafunga mafaili kwa kamba. Baba alivua kofia akasimama mlangoni. Alikuwa ameiandaa hotuba yake tangu Bungoma, na aliitoa yote bila kupumzika.

"Mwalimu, mimi ndiye baba ya huyu. Mtoto amekosa, tumeona. Sitamtetea. Lakini mama yake alilazwa tangu Januari na sasa ndiyo ametoka, na huyu amekaa bila mama mwaka mzima. Kama ni kumfukuza, mfukuze, mimi nimekuja kumchukua. Ila usimwandikie mabaya yatakayomfuata huko mbele, asije akakosa shule hata ile ya kwetu."

Mwalimu Zuhura alimtazama baba, akanitazama mimi, akamtazama jogoo. "Karibu ukae, mzee," akasema. "Amekosa nini?"

"Hayo uliyoandika."

"Niliyoandika wapi?"

Senge akatoa ripoti kwenye leso, akaifungua juu ya meza, akapitisha kidole kwenye mwandiko, kupanda pembeni, kugeuza, hadi chini. "Haya yote, mwalimu. Sisi si wajinga. Mtoto mzuri haandikiwi hivi."

 Kisha Mwalimu Zuhura akaweka mkono mdomoni, na nilidhani analia, kumbe anajizuia kucheka, na nusu ya pili ni kweli alikuwa analia. Akavuta kiti akakaa karibu na baba, si ng'ambo ya meza, akaichukua karatasi na kuanza kusoma, sentensi kwa Kiingereza, halafu ileile kwa Kiswahili, akingoja baba aitikie ndipo aendelee. Nimeyashika maneno yale hadi leo.

"Nekesa alianza mwaka kwa shida. Muhula wa kwanza hakujibu maswali darasani, na karatasi zake nyingi zilirudi bila kuandikwa. Sasa anasoma kwa sauti mbele ya darasa, anaandika insha ya ukurasa mzima, na katika Hisabati anafanya sehemu na vipimo bila msaada. Alama zake zimetoka tisini na saba hadi mia mbili sitini na nane. Haya ameyapata kwa kuuliza maswali na kwa kurudia kazi aliyokosa, bila kusukumwa. Bado anachanganya nyakati katika Kiingereza, na huchelewa kumaliza mtihani kwa kuwa anaogopa kukosea. Wakati wa likizo asome kwa sauti kidogo kila siku, na mtu yeyote nyumbani amsikilize, hata kama mtu huyo hajui kusoma. Napendekeza apande darasa la sita. Nimefurahi kumfundisha."

Baba alikuwa amekaa kofia magotini. Sijawahi kumwona mtu mzima akisikiliza namna ile, shingo imetangulia mbele kama mtu anayesikia gari mbali na hajui ni la kwao au la. Jogoo alinyamaza pia, na mimi nashikilia kwamba alielewa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Senge, nikisikia jina langu likisomwa pamoja na mambo niliyoyafanya, moja baada ya jingine, na nikashangaa kwamba yalikuwa mengi. Sikujua kwamba kuuliza swali ni kitu mtu anaweza kuonekana akikifanya. Nilidhani nimekuwa nikiishi tu.

Baba akauliza kwa nini hakuandika kwa kifupi kama wengine, angeokoa nauli ya watu. Mwalimu Zuhura akamwambia ukweli, kwamba alianza kwa kifupi. Aliandika kwenye karatasi ya pembeni, "Ameboreka sana, aendelee hivyo," akaisoma, akaona haina mtoto ndani yake. "Mzee, ungeisoma hiyo ungejua nini? Aendelee na nini?" Ndipo akatoa kwenye faili ile karatasi yangu ya Januari yenye jina tu, akaiweka kando ya insha yangu ya Novemba, na akaandika tofauti aliyoiona kwa macho. Alisema huwa anajilazimisha kutaja kitu ambacho mtoto hakuweza na sasa anaweza, na ni nini mtoto mwenyewe alifanya kufika hapo, kwa sababu mtoto asipojua alifikaje hatajua kurudi akipotea. Halafu anataja kilichobaki, si kwa kumchapa nacho, ila ili mwalimu wa mwaka ujao asianze kutafuta gizani. Baba akasema, lakini habari ya mama yake hukuandika. Akajibu, "Niliijua, Senge wake aliniambia mapema. Lakini ripoti inakaa miaka, inasomwa na watu. Nimeandika alianza kwa shida. Shida yenyewe ni yenu."

Baba akakubali kwa kichwa, kisha akaweka kidole chini kabisa ya karatasi. "Na hii?"

Hapo palikuwa na maoni ya mwalimu mkuu. Hayakuwa ya kuandikwa. Shule ilikuwa na mihuri midogo, kila daraja la alama na muhuri wake, na yangu ilikuwa imepigwa: "Wastani. Ongeza bidii."  Na kwa bahati, au kwa sababu jogoo alikuwa ameanza tena, mwalimu mkuu mwenyewe akaingia kuuliza ni nani ameleta soko ofisini. Alikuwa mtu mkubwa, wa sauti kubwa, ambaye hata wazazi walikuwa wanachomekea mashati wakimwona kwa mbali. Baba alisimama. Nilitegemea aombe radhi. Badala yake akamgeuzia ripoti kwa mikono miwili.

"Mwalimu mkuu, mimi sikusoma sana. Huyu mwalimu anasema mtoto ametoka mbali. Wewe unasema wastani. Nirudi nyumbani nimwambie mama yake lipi?"

Mwalimu mkuu akatazama mwandiko, akamtazama Mwalimu Zuhura. "Nilikwambia nafasi ni mistari miwili, bana."

"Ndiyo, mwalimu. Haikutosha."

Akavaa miwani. Alisoma akiwa amesimama, kwanza haraka kama mtu anayetafuta kosa, kisha polepole, akazungusha karatasi kufuata maandishi pembeni, akaigeuza. Tulisikia vumbi likitua.  Aliinama, akachukua kalamu ya Mwalimu Zuhura, akapiga mstari mmoja mnyoofu juu ya muhuri wake, na chini yake akaandika kwa mkono: "Nimesoma. Nakubali. Apande." Akatia sahihi, akatoka. Wakati ule niliona ni maneno machache. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipojua kwamba mtu yule, mbele ya mzazi, mtoto na mwalimu aliye chini yake, alikiri kwamba alipiga muhuri bila kusoma, na dunia haikuanguka.

Baba alimkabidhi Mwalimu Zuhura jogoo. Mwalimu akakataa, kwamba hakuna kosa la kuombewa msamaha. Baba akamwambia msamaha umekwisha, sasa ni shukrani, jogoo ni yule yule. Akapokea. Tulipofika Tuwan nilikwenda moja kwa moja kuchukua sanduku langu mlangoni, nikiwa sijaambiwa kitu. Baba akasema, "Toa nguo za shule uziache kwa Senge. Likizo ni fupi." Ndivyo nilivyojua.

Likizo hiyo nilisoma kwa sauti kila siku. Msikilizaji wangu alikuwa baba, akipukuchua mahindi uani, na mama akiwa amelala mkekani karibu na ukuta, mwembamba, macho yake yamefunguka. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na wote wawili hawakuwa wanajua mambo ya kitabuni. Lakini nikikwama na kujaribu kuruka neno, baba alikuwa anainua mkono wenye punje bila kunitazama. "Hapo ulijikwaa. Rudi." Nilikuwa nashangaa amejuaje. Mama alikuwa anacheka bila sauti, na kucheka huko ndiko kulikonionyesha kwamba atapona, mapema kuliko daktari yeyote.

Maisha hayakuninyooka baadaye kama mstari wa rula, na sitawachosha. Sekondari niliiacha katikati, nikarudi nikiwa na watoto wawili, nikamaliza kidato cha nne katika shule ya jioni hapa Kitale, darasa ambalo mwanafunzi mmoja alikuwa bawabu na mwingine alikuwa mjukuu wangu kwa hesabu za ukoo. Siku nilipopokea cheti nilitembea mjini kana kwamba barabara imetandikwa kwa ajili yangu. Sasa kijana wangu wa mwisho yuko gredi ya tano, na ripoti yake inakuja kwenye simu. Naiheshimu ripoti hiyo kuliko watu wanavyodhani. Haina wa kwanza wala wa mwisho. Kwa kila somo inataja mtoto anaweza nini, amefikia matarajio au anayakaribia, na mara nyingi huwa nasema kwamba Mwalimu Zuhura alikuwa anaandika ripoti ya leo kwa kuiba nafasi pembeni mwa ripoti ya jana. Nafasi sasa ipo, kurasa nzima. Lakini mwalimu ana watoto wengi kuliko siafu, na mtambo humpa sentensi za kuchagua. Muhula uliopita, baada ya mwaka ambao kijana wangu aliuanza kwa kupigana na kutoroka darasani, nilisoma: "Ameonyesha maendeleo mazuri. Aendelee kutia bidii." Mama wa rafiki yake alipata hiyo hiyo, nukta kwa nukta.

Nilikwenda siku ya wazazi. Mwalimu wake ni kijana, macho yamechoka, mstari wa wazazi nyuma yangu unafika lango. Akaniuliza kama nina swali. Nikamwambia, "Mwalimu, nitajie tu kitu kimoja ambacho hakuweza Januari na sasa anaweza." Alitazama skrini, kisha akaiacha. Akafikiri hadi nikahurumia foleni. Halafu akasema, "Zamani akikosa jibu alikuwa anafunika daftari kwa mkono, ukimkaribia anasukuma mwenzake ili mada ibadilike. Juzi alisimama mwenyewe, akaambia darasa, mimi nimekosa hapa, nani anionyeshe." Alisema hivyo na uso wake ukabadilika, kama mtu aliyejisikia akisema jambo ambalo hakujua amelijua.

Kijana alikuwa ananingoja nje, anapiga jiwe teke. Hakuuliza. Nikamwambia mwenyewe, neno kwa neno, ile ya daftari na ile ya kusimama. Jiwe likaachwa. Alinitazama kwa muda mrefu, akawa kama ana miaka mitatu tena.

"Kwani aliona?"

"Aliona," nikamwambia.